Manika: Gari la kwenda sokoni na shuleni, usilinunue la mazutu

Leo sisemi habari ya mgodi wala ya maji ya bomba. Nasema habari ya pesa yenu, ile pesa ya nyumba mliyoiacha, na namna inavyoishia kwenye bomba la moshi la gari.

Tangu Kasulo ilipoanza kuhamishwa mwaka 2017, na kisha sehemu za Cité Gécamines, tumeona jambo moja likijirudia. Familia inapewa pesa mkononi. Inatafuta kiwanja mbali kidogo, inajenga vyumba viwili, na kile kinachobaki kinanunua gari la kwanza la ukoo. Si gari la anasa. Shule imekuwa mbali, soko limekuwa mbali, na mama mzee hawezi tena kupanda nyuma ya wewa. Gari hilo linanunuliwa mara moja tu. Likifa, hakuna nyumba ya pili ya kuuza.

Na kila mara, kabla pesa haijatoka mfukoni, anatokea komisyonea na maneno yake: "Papa, kamata ya mazutu. Ile ya esanse itakumaliza pesa."

Ninasema waziwazi: kwa familia inayotembea kilomita chache ndani ya Kolwezi, shauri hilo ni baya. Nalisema nikijua kwamba wengi watanipinga, kwa sababu hapa kwetu mazutu ni kama dini. Basi tusikilizane polepole.

Hoja ya kwanza ya komisyonea ni mgodi. Anasema: angalia magari ya kampuni, yote ni ya mazutu, je, wazungu na Wachina ni wajinga? Hapana, si wajinga. Gari la mgodi linawashwa asubuhi na linazunguka saa nane au kumi bila kupoa. Lori la shaba linatoka hapa, linashika barabara ya taifa namba 39, kisha namba 1, mpaka Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, zaidi ya kilomita 300 na injini ikiwa moto njia yote. Kwa kazi hiyo mazutu hayana mpinzani. Lakini wewe hubebi shaba. Wewe unapeleka watoto shuleni. Kumuiga mwenye lori kwa sababu lori lake linadumu ni sawa na kununua sufuria ya matanga ili upikie watu wawili.

Nitawapa mfano wa jirani yangu, ambaye ameniruhusu kusema habari yake bila jina lake. Alihamishwa na familia yake, akanunua jipu ndogo ya mazutu, iliyotumika, kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam. Gari zuri, ndani safi, kilomita kidogo. Tulikaa naye chini tukahesabu safari zake za juma moja. Shule iko kilomita mbili na nusu, kwenda na kurudi tano, siku tano: kilomita 25. Soko, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, mara tatu: kilomita 18. Kanisa siku ya Mungu, kilomita nane. Jumla 51. Tukiongeza kilio, harusi na kumtembelea mgonjwa, tuseme 60 kwa juma. Kwa mwaka ni kama kilomita 3,000. Na kati ya safari hizo zote, hakuna hata moja ambayo injini ilipata muda wa kuchemka sawasawa.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Injini ya mazutu inabana hewa kwa nguvu sana na haipotezi joto jingi. Ndiyo maana inakula kidogo. Lakini joto lisilopotea ndilo lile ambalo lingepasha chuma chake na mafuta yake. Kwa hiyo ukiiwasha asubuhi inabaki baridi kwa muda mrefu, hasa hapa kwetu juu, mita 1,400 na zaidi, na hasa katika kipwa, mwezi wa sita na wa saba, wakati hata sisi tunatoka na makoti. Ya esanse inapoteza joto zaidi, na kwa sababu ya upotevu huo inapata moto mapema. Ile tabia inayoisifia mazutu kwenye barabara ndefu ndiyo inayoiumiza kwenye barabara fupi.

Sasa njoo kwenye bomba la moshi. Gari nyingi za mazutu za miaka ya karibuni, zilizotengenezwa kwa Ulaya au Japani, zina chujio la masizi ndani ya bomba. Makanika wetu wanaliita fapu. Kazi yake ni kushika masizi meusi yasitoke nje. Lakini chujio lolote linajaa. Ili lisizibe, gari lenyewe linayachoma masizi hayo kila baada ya kilomita mia kadhaa. Kompyuta ya gari inaongeza mazutu kidogo, yanayoingia kwa kuchelewa, ili moshi upande joto mpaka karibu digrii 600. Masizi yanageuka majivu kidogo na chujio linapumua tena.

Kazi hiyo inataka dakika kumi hadi ishirini za mwendo usiokatika, injini ikiwa moto. Yule jirani hana dakika hizo. Gari linaanza kuchoma, anafika shuleni, anazima. Kesho linaanza tena, anafika sokoni, anazima. Masizi yanaongezeka tu.

Na yale mazutu ya ziada yaliyoingizwa kwa kuchelewa yanakwenda wapi? Sehemu yake haiungui. Inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka chini, ndani ya mafuta ya injini. Hili ndilo watu hawalijui. Tumezoea injini inayopunguza mafuta. Hii inaongeza! Jirani yangu alitoa kile kijiti cha kupimia, akaona mafuta yamepita alama ya juu, akafurahi. Aliniambia, "Yaya, gari hili ni zuri, halinywi mafuta hata kidogo." Nikamwambia anuse kijiti. Kilinuka mazutu.

Mafuta yaliyochanganyika na mazutu yanakuwa mepesi kama maji ya mchele. Hayashiki tena kati ya chuma na chuma. Wa kwanza kuumia ni turbo, kwa sababu inazunguka kwa kasi kubwa sana na inategemea mafuta hayo tu. Baada ya turbo ni ndani ya injini yenyewe. Kwa hiyo, ninyi ambao tayari mmenunua, shikeni dalili hizi. Mafuta yanapanda badala ya kushuka, na yananuka mazutu. Feni ya mbele inaendelea kupiga kelele wakati umeshazima gari baada ya safari fupi. Injini ikiwa imesimama, mzunguko wake uko juu kidogo kuliko kawaida. Taa ya rangi ya chungwa ya chujio inawaka kwenye dashibodi. Na mwisho gari linakataa kuvuta, linakwenda kama mtu mwenye pumu, kwa sababu kompyuta imelipunguzia nguvu lisijiharibu.

Taa ikiwaka mara ya kwanza, bado kuna nafasi, ila pima mafuta kwanza. Kama hayajapita alama ya juu, toka nje ya mji, shika njia ya Likasi, na tembea nusu saa bila kusimama, injini ikizunguka juu kidogo. Mara nyingi taa itazimika. Kama yamepita alama, usilipeleke safari. Mwaga mafuta yale kwanza, weka mapya. Na si mafuta yoyote ya bidoni yanayouzwa kwa malori ya zamani. Gari lenye chujio linataka mafuta yenye majivu kidogo. Kitabu cha gari kinasema aina yake, na kwenye chupa nyingi utasoma C2 au C3, au DL-1 kwa gari za Japani. Mafuta mengine yanaacha majivu kwenye chujio, na majivu hayaungui hata kwa digrii 600.

Sasa nasikia sauti ya makanika fulani: "Hilo si tatizo. Tunakata bomba, tunatoa fapu, tunafunga tena." Ninaijua kazi hiyo. Inafanyika kila siku. Kwanza, kukata peke yake hakutoshi, kwa sababu kompyuta inaendelea kulitafuta chujio na kumwaga mazutu ya ziada. Lazima mtu mwenye kifaa abadilishe programu, na akikosea umenunua tatizo jipya. Pili, masizi yale hayakupotea. Sasa yanatoka kwenye bomba lililo kimo sawa na uso wa mtoto anayetembea kwenda shuleni. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa mazutu kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Sisi wa Manika tunakula vumbi la mgodi tangu tulipozaliwa. Kutushauri tuongeze masizi kwa mikono yetu, tena kwa kulipa, ni dharau.

Hoja ya pili ya komisyonea ni pesa: mazutu yanakula kidogo. Ni kweli, yanakula kidogo. Lakini kidogo kiasi gani? Tuchukue zile kilomita 3,000 za jirani yangu. Tuseme gari la esanse la ukubwa unaofanana linakula lita 9 kwa kilomita 100 katika safari fupi za mji. Kwa mwaka ni lita 270. La mazutu tuseme linakula lita 7 na nusu. Kwa mwaka ni lita 225. Tofauti ni lita 45. Lita arobaini na tano kwa mwaka mzima! Serikali ndiyo inayoweka bei ya pompu, na kwa kawaida esanse na mazutu havipishani sana. Nikimpendelea komisyonea na kuhesabu lita kwa dola moja na nusu, umeokoa dola 67 na nusu kwa mwaka.

Sasa tuseme gari la mazutu limeuzwa kwa dola 1,000 zaidi ya lile la esanse. Kuzirudisha kwa dola 67 na nusu kila mwaka kunataka karibu miaka 15. Mtoto uliyempeleka darasa la kwanza atakuwa amemaliza shule, ameoa, na wewe bado unadai. Na hapo sijahesabu turbo, wala chujio, wala injekta hata moja. Weka bei zako mwenyewe, zile ulizopewa wewe, ufanye hesabu ile ile. Kama kwa mwaka unatembea kilomita 30,000, tofauti inakuwa lita 450, na hapo mimi mwenyewe nitakwambia nunua mazutu. Ni kilomita zinazoamua.

Nimetaja injekta, nizieleze kidogo, kwa kuwa hapo kuna jambo la mji wetu hasa. Injekta za mazutu ya kisasa zinapulizia kwa tundu dogo ambalo jicho halilioni, kwa nguvu ya bari 1,600 na zaidi. Hazivumilii maji wala vumbi. Na sisi tunanunua wapi mafuta siku ambayo stasheni imekauka? Kwa kadafi, barabarani, kwenye chupa na bidoni iliyokaa juani. Simlaumu kadafi, anatafuta unga wa watoto wake. Lakini tone la maji ambalo injini ya mzee wa zamani ingelimeza na kukohoa tu, injekta ya leo linaweza kuiua. Esanse ya kadafi nayo inachanganywa na petroli ya taa, na utaisikia injini ikigonga kama mtu anapiga bati ukipanda kilima. Ni mbaya, usiendelee nayo. Lakini katika gari la kawaida la esanse, mara nyingi utaponea kwa kusafisha tangi, kubadilisha chujio na buji.

Lazima niwe mwenye haki kwa wale wa upande wa pili, kwa sababu si kila anayependa mazutu ni mwongo. Yupo atakayesema: mimi ninasema habari ya mazutu ya zamani, ile ya pampu, isiyo na kompyuta wala fapu. Ndiyo, injini hizo ni ngumu, na ugonjwa niliouelezea wa chujio haziupati. Mtu wa kwenda Mutshatsha kila juma kuleta makala na mahindi, katika matope ya masika, anayo sababu ya kuzitafuta. Lakini zimezeeka, pampu yake ikichoka kuitengeneza ni ghali, asubuhi ya kipwa itakusumbua kama buji zake za kupasha joto zimekufa, na nzima yake inauzwa kwa bei inayojua sifa zake. Kwa kwenda sokoni bado unalipia nguvu usiyoitumia.

Tena, esanse nayo si malaika. Safari fupi zinaiumiza pia, ila kwa upole. Injini ikizimwa kabla haijapata moto sawasawa, unyevu unabaki ndani. Fungua kifuniko cha kujazia mafuta: ukiona utando mweupe-manjano kama mayonezi, ni maji yaliyochanganyika na mafuta. Kama maji ya rejeta hayapungui, dawa yake ni rahisi: mara moja kwa juma lipeleke gari mbali kidogo, mpaka lichemke vizuri, na badilisha mafuta kila miezi sita hata kama kilomita hazijafika. Usihesabu kilomita peke yake; kwa safari fupi kalenda ndiyo mita yako. Betri nayo haishibi kwa safari ya dakika tano, kwa hiyo usishangae ikifa mapema. Na esanse usiiweke nyumbani kwenye bidoni, katika chumba ambamo watu wanalala na mbabula unawaka. Mvuke wake unashika moto upesi kuliko mazutu.

Basi tununue nini? Mimi siuzi gari la mtu. Angalia tu zile Corolla, Vitz na IST za esanse zinazobeba watu katika mji huu. Injini ndogo, haina turbo, haina fapu, na kila garaje inazijua. Vipuri vyake viko sokoni. Hilo kwa familia isiyo na pesa ya pili ni usalama kuliko nguvu yoyote.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. La kwanza, fanya kama nilivyofanya na jirani: chukua daftari, andika safari zako za juma moja. Kisha jiulize swali moja tu: ni mara ngapi kwa juma gari langu litatembea nusu saa bila kusimama, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa au zaidi? Kama jibu ni hata mara moja hakuna, mazutu ya kisasa si yako. La pili, fika kwa muuzaji asubuhi na mapema bila kumwarifu, gusa injini. Ikiwa imeshapata moto, ameificha dalili, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, iwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni injini inayokula mafuta yake. Toa kijiti, angalia, nusa. Na kama ni la mazutu na bado unalitaka, muulize fapu iko wapi, na umwangalie machoni anapojibu.

Jirani yangu amemwaga mafuta mara mbili ndani ya miezi minne. Kila siku ya Mungu baada ya ibada anakwenda mpaka njia ya Likasi na kurudi, bila kazi yoyote, ili tu gari lipate kuchoma masizi yake. Anachoma mazutu ili aokoe mazutu. Lita 45 alizoahidiwa zimekwisha barabarani, na bado mwaka haujaisha. Sasa anatafuta mnunuzi, naye ananiambia: "Yaya, nitamwambia ukweli huyo atakayekuja." Nimemheshimu kwa neno hilo. Wakati wa kununua, yeye hakuna aliyemwambia.